Mbwa Jikoni kwa Mama Mkwe

Ngurumo ikipiga, mbwa wetu alikuwa anatoroka kuelekea upande wa mbuga. Mara ya pili alirudi baada ya siku tatu, waya wa mtego ukiwa umemkaza shingoni. Mume wangu akasema akitoroka tena tusahau tuna mbwa. Hapa Lambwe fisi wanazunguka, na mbuzi wangu walikuwa wanamtegemea huyo huyo mwoga.

Nikamfunga mnyororo. Ujinga wangu! Radi ilipopiga alivuta mpaka nusura ajinyonge.

Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe, akanigombeza. "Toa mnyororo, mama. Si ukaidi, ni hofu. Mtafutie pahali penye giza na kimya, aingie kabla mvua haijaanza. Akijificha usimvute. Akikujia, mshike tu, hutamfundisha uoga."

Basi nikamwingiza nyumbani kwangu, chini ya kitanda. Kumbe nyumba yangu ya mabati, niliyojivunia miaka yote, mvua ikiipiga huwezi hata kusikia mwenzako. Alikwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Nilijiona mjinga mara mbili.

Paa la nyasi lilikuwa limebaki moja tu bomani: jiko la mama mkwe. Na mbwa hakanyagi pale, hilo kila mtu anajua. Alasiri moja mawingu yakapanda kutoka ziwani, mbwa akaanza kuhema. Nikaenda kusimama mlangoni kwa mama na heshima zangu zote.

"Mbwa? Jikoni kwangu?" Akaniangalia, akamwangalia mbwa anavyotetemeka. "Haya, ingieni. Lakini akigusa sufuria yangu, nyinyi wawili nje!"

Tukatandika gunia nyuma ya kuni, mbwa akajibanza huko. Mama akawasha redio, sauti ya wastani. Mvua ilipokuja, juu ya zile nyasi ilinong'ona tu. Radi bado tulizisikia, lakini zimefifia. Nilimpa omena, dagaa wetu wa ziwani, akakataa. Mikono iliniwasha kumvuta nimkumbatie, nikaikalia.

Ngurumo zikaanza kusogea mbali. Mama akanyoosha omena moja, mbwa akaichukua. Akachukua ya pili. Jamani! Nilipumua kama niliyetua mtungi kichwani.

Mama akafungua mlango aone kama mvua imeisha. Hapo hapo radi ya mwisho ikapasuka, kubwa kuliko zote. Mbwa akaruka wima. Mlango wazi, uwanja wazi, na mimi niko mbali naye. Nikasema moyoni, ameenda.

Aliangalia nje. Akageuka, akarudi kwenye gunia lake nyuma ya kuni, akalala.

Nililia, sioni haya kusema. Nikainuka nifunge mlango.

"Wewe nawe kaa chini," mama akaniambia. "Utamwamsha."