Puto Kwenye Vichwa Vilivyonyolewa

Vita vilipokwisha, Mwalimu Nambozo alirudi kufundisha sayansi darasa la sita huko Namatala, mjini Mbale. Watoto walikuwa wamelelewa katika miaka ambayo mtu alifunga madirisha kwanza ndipo aulize jambo. Kila akisema, "Nani ana swali?" waliinamisha macho.

Siku moja alikuja na puto alilopewa na Sushma, mwenye duka kule Jinja. Kitabu kilisema lisuguliwe kwenye nywele. Akalisugua kichwani mwa mwanafunzi mmoja, Kirunda, akalishusha juu ya vipande vya karatasi. Havikutikisika. Nambozo alijicheka mwenyewe. Shule nzima hunyolewa upara, wasichana kwa wavulana, na nywele zake yeye zilikuwa zimelowa mafuta. Aliyeandika kitabu hakuwahi kufika Mbale.

Ndipo Namono, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa, akavua sweta lake la sufu na kumpelekea. Nambozo akasugua puto kwa nguvu. Safari hii karatasi zilirukia puto na kuganda. Halafu chache zikaruka tena na kudondoka mezani.

"Mwalimu," Namono akanong'ona, "kama puto linazivuta, mbona hizi limezifukuza?"

Jibu Nambozo alikuwa nalo: karatasi ikiligusa puto huweza kupata chaji ya umeme kama ya puto, na chaji za aina moja husukumana. Lakini kwanza alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Rudia swali lako, mwanangu," akasema, "kwa sauti." Kisha akaenda kufungua madirisha yote.