Vidonge vya Akiba na Juisi ya Cheri

Kwa miaka mitano kidole gumba cha mguu wa kulia wa baba yangu, papa kama tunavyomwita, ndicho kilichotuamulia mambo nyumbani. Kikinyamaza, papa aliamka mapema akaenda depo yake sokoni, anakouza chumvi, maharage na sabuni kwa jumla. Kikiamka, hata shuka halikuruhusiwa kukigusa. Alilala mguu ukiwa nje, umewekwa juu ya mto, mwekundu na wa moto, na sisi tulipita mbali nao kwa kunyata, kama watu wanaopita karibu na kitanda cha mtoto mchanga.

Ugonjwa wenyewe ni jongo. Kwetu Kisangani tunauita la goutte, kwa Kifaransa. Daktari, mama mmoja mpole mwenye kliniki ndogo mjini, alikuwa ametueleza: asidi ya uriki imezidi kwenye damu, inaganda ndani ya kiungo na kuwa fuwele kama sindano, na mwili unazipiga vita. Alimwandikia papa vidonge vya allopurinol vya kupunguza asidi hiyo, kimoja kila siku, na kingine kidogo cha kuzuia mashambulizi miezi ya mwanzo. Akamwambia pia apunguze bia. Bia papa alipunguza, kwa huzuni ya dhahiri.

Kilichomuuma zaidi ya kidole ni misa ya sikukuu ya parokia. Kila mwaka wafanyabiashara waliotoka Kivu hupeleka matoleo altareni wakicheza, kila mmoja na bidhaa yake kichwani. Papa hupeleka mfuko wa chumvi. Miaka miwili mfululizo mtu mwingine aliubeba, na papa akabaki benchini akipiga makofi. Hakuwahi kulisema jambo hilo. Lakini mimi niliona jinsi mikono yake ilivyopiga makofi hayo bila moyo.

Mwaka niliomaliza masomo ya biolojia chuo kikuu, wiki ile ile papa alipoandikiwa vidonge, kaka yangu aliye Ubelgiji alimpa mtu aliyekuwa akisafiri chupa sita za juisi ya cheri chachu atuletee. Ni tunda dogo jekundu la nchi za baridi, halioti kwetu na wala hatujalizoea. Huko, alisema kwenye simu, wazee wenye goutte wanainywa wote.

Papa alishika chupa moja akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Mama,” akaniita. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. “Weye njo ulisoma. Hii iko kweli, ao iko maji ya rangi?”

“Ngoja niangalie kwanza, papa.”

“Uangalie nini? Kaka yako ametuma.”

“Kaka yangu ni fundi umeme.”

Alicheka mpaka akakumbuka mguu. “Huyu mutoto, hata Malaika Gabrieli akikuja atamuomba kitambulisho.”

Ni kweli, nina tabia hiyo. Siamini kitu kwa kuwa kimesemwa, na nimewachosha makatekista na wajomba tangu utotoni. Basi nilikaa siku mbili kwenye intaneti ya chuo inayokatika-katika, nikasoma. Nilikuta kwamba watu wenye jongo walioulizwa walichokula walikuwa na mashambulizi machache katika siku walizokula cheri. Lakini kuulizwa si kupimwa. Majaribio ya kweli, yale ya kuwagawa watu makundi kwa bahati nasibu, yalikuwa machache na madogo, na matokeo yake hayakukubaliana. Moja lilijaribu vipimo mbalimbali vya juisi iliyokolezwa kwa wiki chache na asidi haikushuka. Huenda cheri inatuliza uvimbe kidogo, labda. Hakuna aliyeonyesha kwamba inaweza kuchukua nafasi ya dawa.

Kahawa nayo ilikuwa na hadithi yake. Wanywaji wa kahawa, wakihesabiwa kwa wingi, hupata jongo kidogo kuliko wasiokunywa. Ila hilo linahusu nani anaugua na nani haugui. Halituambii kwamba aliyekwisha kuugua ataponywa na kikombe.

Nilimweleza papa yote hayo kwa uangalifu, nikijivunia mizani yangu. Nilimaliza hivi: “Kwa hiyo, papa, vyote viwili vinaweza kusaidia kidogo.”

Yeye ni mtoto wa vilima vya kahawa, karibu na Butembo. Uso wake uling'aa kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake likitajwa redioni. “Docteur hakuniambia kama kahawa iko dawa!”

“Si dawa. Nimesema inaweza—”

“Kidogo. Nimesikia. Kidogo kila siku, inakuwa mingi. Mi niko mucuruzi, weye utanifundisha ile?”

Tangu hapo kila asubuhi alikunywa vijiko viwili vya juisi katika glasi ya maji, kisha kahawa nyeusi bila sukari. Mwezi wa kwanza ukapita salama. Wa pili ukapita. Kaka akapiga simu kujisifu. Mwezi wa tatu kidole kikaamka, na safari hii kifundo cha mguu kikaamka nacho.

Maumivu yalipotulia nilimpeleka kupima damu. Asidi ilikuwa tisa na pointi, karibu pale pale tulipoanzia, wakati daktari alitaka iwe chini ya sita. Nilikasirika, na hasira yangu yote niliipeleka kwenye dawa.

“Docteur, miezi mitatu,” nilisema ofisini mwake. “Kama dawa inafanya kazi, kwa nini namba haijasogea? Ushahidi uko wapi?”

Hakuudhika. Alimgeukia papa. “Papa, kidonge munakunywa kila siku?”

“Nakunywa bien, docteur,” papa akajibu, akitazama kalenda ya ukutani.

Daktari akanigeukia mimi. “Boksi la mwisho mulinunua lini?”

Nilianza kuhesabu kichwani. Tulikuwa tumenunua maboksi matatu siku ya kwanza, ya kutosha wiki sita tu, na hatukurudi tena. Mimi niliyeomba vyanzo vya kila kitu sikuwa nimewahi kufungua boksi la dawa la baba yangu.

Kutoka kliniki tulienda moja kwa moja depo. Papa alijua ninachotafuta. Aliketi juu ya gunia, akanionyesha kwa kidevu sanduku la chuma nyuma ya chumvi, lile la vitu ambavyo haviuzwi mpaka bei ipande. Maboksi matatu yalikuwa humo. Mawili hayajafunguliwa. Juu ya kila moja, kwa kalamu nene anayoandikia magunia, kulikuwa na tarehe na neno RÉSERVE, yaani akiba.

“Papa.”

“Usinipigie kelele mbele ya maharage.”

“Sipigi kelele. Unameza wakati gani?”

“Kidole kikianza kuuma, mi nameza viwili. Kikinyamaza, narudisha.” Akashika goti lake. “Mama, weye hujui barabara. Kuko mwaka tulikaa miezi bila lori hata moja kutoka Beni. Mutu aliuza chumvi yake yote siku ya bei nzuri, kisha akalia. Kitu ya lazima haumalizi. Unaificha. Na weye ulisema cheri inasaidia, kahawa inasaidia. Nikasema bon, hizi zifanye kazi ya kila siku, dawa ingojee siku ya vita.”

Nilikaa kwenye gunia la pili. Hakuwa mkaidi wala mzembe. Alikuwa ametunza zile dawa kama anavyotunza kitu cha thamani kuliko vyote, kwa namna pekee aliyoijua, namna iliyotulisha na kunisomesha. Na mlango wa kosa lake niliufungua mimi, kwa lile “kidogo” langu lililopimwa vizuri. Nilikuwa nimempa ukweli wote isipokuwa sentensi moja: lakini kidonge, kila siku.

“Papa, hii dawa haitibu maumivu,” nikamwambia. “Inapunguza asidi polepole, miezi na miezi, mpaka fuwele ziyeyuke. Ukimeza siku ya maumivu tu, haijafanya kitu. Tena kuianza na kuiacha kunazichokoza fuwele.”

Alimtazama paka wa depo aliyelala juu ya mizani.

“Donc, basi, iko paka,” akasema. “Si fimbo.”

“Namna gani?”

“Fimbo unatafuta siku unaona panya. Paka anakaa hapa kila siku, hata siku panya hawako. Hawako kwa sababu yake.” Akatikisa kichwa. “Na miye nimefungia paka kwenye sanduku.”

Daktari alianza upya, kwa kipimo kidogo, akipanga kukiongeza hatua kwa hatua huku akipima damu na figo. Alituonya mambo mawili. Vipele vikitokea mwilini, papa aache dawa na aje siku hiyo hiyo. Lakini kidole kikiuma katika miezi ya kwanza, asiache, maana fuwele zinapoanza kuyeyuka huweza kuleta shambulio. Kuhusu akiba tulikubaliana kwa sheria ya papa mwenyewe: boksi moja zima likae sandukuni daima, na tukifungua jipya tunaleta jingine mahali pake.

Wiki ya tatu kidole kikaamka.

Asubuhi hiyo alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, kidonge kikiwa kiganjani. Hakukimeza. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani aliniuliza bila utani: “Nimeze?”

Ningependa kusema sikusita. Kila kitu ndani yangu kiliuliza: na kama dawa ndiyo inayomuumiza? Nilitoka uani nikampigia daktari, nikamuuliza maswali yangu yote. Alijibu moja moja: ndicho alichotuonya, aendelee, na aongeze dawa ya maumivu aliyotuandikia. Nilirudi na kikombe cha kahawa.

“Meza, papa.”

“Umeuliza ushahidi?”

“Nimeuliza.”

“Basi.” Akameza na kahawa, akafumba macho.

Hivyo kahawa ilipata kazi yake nyumbani kwetu. Papa anaweza kusahau saa na tarehe, lakini hajawahi kusahau kahawa, na kidonge kikakaa kwenye kisahani chake kila asubuhi. Yalikuja mashambulizi mengine mawili, kila moja dogo kuliko lililotangulia. Kabla ya mwaka kwisha namba ilisoma tano na pointi. Daktari alisema vizuri, na akasema tusiache, maana ukiacha asidi inapanda tena.

Asubuhi ya sikukuu ya parokia nilimkuta mezani amevaa viatu vya ngozi, vile vya kufunga kamba, ambavyo vilikuwa vimelala chini ya kitanda miaka miwili. Kisahani kilikuwa kitupu. Mfuko wa chumvi ulisubiri mlangoni. Alikuwa ametoa chupa ya mwisho ya cheri, na glasi mbili.

“Papa, hiyo haifanyi—”

“Najua haifanyi.” Akamimina, akanisogezea glasi yangu. “Lakini kaka yako ameibebesha mutu mpaka hapa. Kunywa, mama.”

Ilikuwa chachu sana. Tulikunja nyuso pamoja, tukamaliza, naye akainama akakaza kamba za kiatu cha kulia.