Nilipoomba Maji ya Asubuhi

Wajukuu huniuliza vita vya Maji Maji vilikuwaje, na mimi huwajibu kwamba sehemu kubwa ya vita ile niliimaliza nikiwa na matope magotini, nikipakia boriti. Kama nilikunywa dawa au sikunywa, hapa siandiki habari hiyo. Naandika habari ya kuomba nibadilishiwe zamu ya kazi. Anayeiona ndogo hajapata kulisha watu mwaka wa njaa.

Kwetu ni Mkongo, juu kwenye bonde. Mapigano yalipoanza nikamchukua mke wangu tukateremka Mbuchi kwa wazazi wake, huku chini mto unakoingia baharini. Mke wangu alikuwa na mimba. Mkwe mwanamke alitupa kipande cha shamba la mpunga, tukapanda, na mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu chote cha mwaka ujao. Kule nyuma maghala yalikuwa yamechomwa. Kusema kwamba ningekwenda kuomba kwa ndugu ni uongo, ndugu wenyewe walikuwa wanachimba mizizi.

Sasa mwanamume asiye na kazi inayojulikana, siku zile, alikuwa akikamatwa na askari na kubebeshwa mizigo yao hadi wanakokwenda, na wengine hawakurudi. Kwa hiyo nikaenda kuandikwa kwenye kambi ya mikoko. Mdachi wa misitu alionekana mara moja kwa juma. Mwenye kambi hasa alikuwa nyapara, mtu mzima wa pwani ya kaskazini, aliyewahi kuongoza wapagazi, mwenye sauti ya chini na kumbukumbu kubwa. Alinipa karatasi yenye muhuri. Nikaishona ndani ya kofia. Karatasi ile ilikuwa ndiyo shingo yangu.

Kazi ilikwenda hivi. Boriti zilikatwa ndani kabisa ya vijito. Maji yakipwa, mtumbwi hauingii huko, unakaa juu ya tope. Yakijaa, unaingia, unapakia haraka, unatoka kabla hayajaondoka. Kutwa kucha bahari hujaa mara mbili, na makundi ya kupakia yalikuwa mawili, kila kundi na maji yake. Mimi nilitiwa kwenye kundi ambalo maji yake, wakati naandikwa, yalijaa alasiri.

Sikuwa nimemaliza siku mbili pale mke wangu akajifungua, mtoto wa kike. Mzazi hakutoka nje mpaka arobaini iishe, na mpunga nao ulikuwa umeanza kutia maziwa, wakati ambao ndege wanaupenda kuliko sisi. Ndege wale huja asubuhi jua likichomoza na huja tena alasiri mpaka magharibi. Katikati ya mchana hulala mitini. Kuamia ndege ni kazi ya kukaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, ukipiga kelele na kurusha madongo kwa teo, na ukisinzia kidogo tu umekwisha.

Mkwe alichukua asubuhi. Alasiri hakuweza, maana ndiyo saa ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. Mkwe hakuwa akisema nami uso kwa uso, kwa heshima ya ukwe. Alisimama nyuma ya mlango akamwambia mwanawe, kwa sauti ya kunifikia mimi uani, kwamba asubuhi ana mtu na alasiri haina mtu. Nilikuwa mwanamume aliyekuja kwao na mkeka mmoja, na nilielewa.

Kesho yake nikamwendea nyapara. Nilichagua wakati, sikumfuata mbele ya watu. Nilimkuta ameketi kwenye gogo anakunywa uji, nikamwamkia, nikangoja amalize. Nilimweleza kwamba nina mzazi ndani na ndege shambani. Akaniuliza mtoto ni wa ngapi, nikamwambia wa kwanza, akamwombea. Kisha akauliza nataka nini.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lilikuwa la kiburi. Mimi ni mtu wa mto. Kwetu maji huja mara moja kwa mwaka, yakafunika mashamba, yakaondoka, na mzee yeyote anaweza kukuambia mwezi wake. Nilikwisha kaa Mbuchi miezi kadhaa, nimeona bahari inaingia na kutoka, lakini nilikuwa mtu wa jembe na sikujisumbua kuangalia inaingia saa ngapi. Ningeweza kusema, "Bwana, nataka alasiri yangu iwe wazi mpaka arobaini iishe." Badala yake nikajifanya mjuzi wa kazi.

"Nitie kundi la maji ya asubuhi," nikasema.

Akaweka bakuli la uji chini.

"Maji ya asubuhi ndiyo unayoyataka?"

"Ndiyo, bwana. Hayo tu."

"Haya. Umepewa."

Habari ikawafikia wapakiaji wa kundi langu jipya, wenyeji wa visiwa vya pale mtoni, kabla sijapanda mtumbwi wao. Mmoja wao, mtani wangu kwa upande wa mke, alikuwa akiniita shemeji hata wakati wa kunitukana. Akasema, "Shemeji sasa ni mwenye maji," na wengine wakainama kwenye makasia yao. Nilidhani wananionea wivu.

Siku za mwanzo nilikuwa mfalme. Tuliingia vijitoni kabla ya alfajiri, na jua lilipopanda kidogo tulikuwa tumeshatua mzigo. Nilikoga, nikala, na alasiri nilikuwa juu ya dungu na teo mkononi. Nikisikia mlango wa nyumba ukifunguliwa, najua mkwe amechungulia kuona kama nipo.

Halafu maji yakaanza kuhama. Kila siku yalichelewa kidogo kuliko jana, karibu muda wa kupika chungu cha wali na kuula. Siku ya tano tuliingia kijitoni jua limeshatoka. Siku ya nane nilirudi nyumbani baada ya adhuhuri. Siku ya kumi, maji yaliyoitwa ya asubuhi yalijaa jua likiwa utosini, na nilipofika shambani ndege walikuwa wanaondoka wameshiba.

Ndipo nilipomuuliza mtani wangu maji haya yana nini leo. Alicheka mpaka akaweka kasia chini.

"Shemeji, ulidhani bahari inaamshwa na jogoo?"

Akanieleza. Bahari inafuata mwezi, haifuati jua. Maji yaliyojaa alfajiri wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, juma moja baadaye yanajaa karibu na mchana, na juma la pili yanajaa alasiri. Kila kundi linabaki na maji yake popote yanapokwenda, ili taabu ya kuamka gizani isiwe ya watu walewale mwaka mzima. Jina la asubuhi hubaki kwa mazoea tu. Mtoto wa Mbuchi hulijua jambo hili kabla ya kujua kutahiriwa, akasema, na nyapara alipouliza mara mbili alikuwa ananipa nafasi ya kufikiri.

Mwenye akili angerudi kwa nyapara jioni ile ile. Mimi sikurudi. Nilikuwa nimeomba kwa kinywa changu, nikapewa nilichoomba, na sasa nirudi kusema sikujua nilichokiomba? Nilikaa kimya siku tano. Ilikuwa kupakia mchana kutwa na kukimbilia shamba jua linatua. Mke wangu yuko ndani na hajui kitu. Mkwe anajua kila kitu na hasemi. Siku ya tano nilipanda dungu nikaona upande wa mashariki masuke yamesimama wima, mepesi, kama majani tu. Suke lenye punje huinama. Nilishuka nikayashika moja moja, matupu, matupu. Nikawaza mke wangu ananyonyesha, na miezi iliyopo mpaka mavuno mengine. Aibu ikawa ndogo.

Nilimkuta nyapara palepale kwenye gogo.

"Bwana, nilikosea kuomba," nikamwambia. "Sijui bahari."

Hakucheka. Alisema alijua nitarudi, ila alinitegemea mapema zaidi. Nikamwomba anirudishe kundi langu la zamani, kwa kuwa maji yao ndiyo yaliyokuwa ya alfajiri sasa. Akakataa, na alinipa sababu. Baada ya juma moja maji ya kundi lile nayo yatafika mchana, nami nitakuja tena kuomba, na mtumbwi unataka watu waliozoeana, hauwezi kubadilishwa mtu kila nusu mwezi kwa sababu ya ndege.

"Usiniambie maji gani," akasema. "Niambie saa gani huwezi, na mpaka lini."

"Alasiri siwezi. Mpaka arobaini iishe. Zimebaki siku ishirini na tatu."

"Sasa umesema."

Palikuwa na kazi moja tu pale kambini iliyofuata jua, nayo ni ya magome. Gome la mkoko lilibanduliwa asubuhi likiwa bichi, likatandazwa kwenye jua la mchana, na jioni wazee wengine walilikusanya. Wabanduaji walimaliza adhuhuri. Lakini wabanduaji wenyewe walikuwa vikongwe na wanawake wajane, na posho yao ilikuwa pungufu kuliko ya mitumbwini. Nyapara aliniambia yote hayo kabla sijajibu. Akasema karatasi yangu itabaki halali, askari hawatanigusa. Zaidi ya hapo hana.

Nikakubali. Kesho yake nilikaa chini kati ya bibi wawili, nyundo ya mti mkononi, nikigonga gome. Mikono ikawa myekundu kama ya bibi harusi aliyepakwa hina, na rangi haitoki kwa maji wala kwa mchanga. Mitumbwi ilipita, na mtani wangu akauliza kwa sauti kama arusi yangu ni lini. Bibi mmoja akamjibu kwamba huyu tumeshamposa, tafuta wako. Nilicheka, na tangu siku hiyo kazi ikawa nyepesi. Kila adhuhuri niliondoka, na kila alasiri nilikuwa juu ya dungu. Sikukosa hata moja.

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, na nimewahi kuwa msimamizi wa watu mimi mwenyewe, bila kusoma darasa lolote zaidi ya juzuu chache za chuoni. Mtu akija kuniomba zamu simwachi aseme anataka zamu gani. Wengi wanaomba kitu ambacho hakitawasaidia, kwa kuwa wanaogopa kusema shida yenyewe.

Arobaini ilipokwisha mke wangu alitoka, mtoto mgongoni, akaja kuvuna. Upande wa magharibi mpunga ulikuwa umeinama vizuri. Alipofika upande wa mashariki akasimama. Alishika suke, akalisugua kiganjani, akapuliza, hakikubaki kitu.

"Hapa kulikuwaje?"

Nikamweleza kuanzia mwanzo. Maji, mwezi, siku tano.

"Zile tano," akasema, "kilichokuzuia kurudi kwa nyapara ni nini?"

Nilimwambia niliona haya. Hakunigombeza. Aliangalia lile eneo lililoliwa, akalipima kwa macho toka kona hadi kona, akasema mwaka huu tutakula mara moja kwa siku tangu mwanzo, tusingoje ghala lituambie. Kisha akaenda kule kwenye masuke yaliyoinama, akaanza kukata, nami nikamfuata.