Posho ya Mkunga Elinipendo

Katika wodi ya wazazi walimtambua Elinipendo kwa mwendo wake kabla hawajamwona. Alitembea upesi, hakuburuza viatu, na akisimama mahali alikuwa tayari ameegemea upande anaotaka kwenda. Mama yake huko Machame alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijifunza kukimbia kabla hajajifunza kukaa. Elinipendo alikuwa mkunga wa miaka mingi katika hospitali ya misheni mjini Moshi, na wanawake wa kutoka Kirua Vunjo mpaka Kwa Sadala walikuwa wakimtaja kwa jina wanapofika mlangoni.

Mwaka 1978, hospitali ilipohitaji mtu wa kufundisha wakunga wapya, jina lake likapendekezwa. Shirika moja la makanisa la ng'ambo likakubali kumfadhili asome ualimu wa ukunga kwa mwaka mzima, katika chuo cha wauguzi kilichokuwa ndani ya uzio uleule wa hospitali. Alipewa likizo bila mshahara. Shirika lingelipa karo, lingenunua vitabu, na kila mwezi lingempa posho ya kujikimu. Alitia sahihi masharti mbele ya Mchungaji Efraimu, katibu wa ufadhili katika ofisi ya kanisa. Sharti moja lilisema wazi kwamba katika mwaka huo mwanafunzi hatafanya kazi ya malipo. Alilisoma, akalielewa, akatia sahihi.

Tabu ilianza wiki ya tatu. Darasa lilikuwa na dirisha linalotazama wodi ya wazazi. Mwalimu akieleza namna ya kuandaa somo, Elinipendo alikuwa akimwona mama anashushwa kwenye gari huku amejishika kiuno, na miguu yake chini ya dawati ikaanza kwenda. Wodini kulikuwa na upungufu wa wakunga. Sista mkuu alipomuuliza kama anaweza kusaidia zamu za Jumamosi na Jumapili, na kwamba atalipwa kama vibarua wengine wa zamu, alikubali hata kabla swali halijaisha. Sharti alilikumbuka. Alijiambia kuwa Jumamosi si siku ya masomo.

Fedha za zamu zilikuwa ndogo, ila nyumbani zilikuwa na kazi. Mumewe Eliufoo alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa kule chini, na walikuwa wakiezeka nyumba yao kihambani, kwenye shamba la ukoo, bati kwa bati.

Mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika, mhasibu wa hospitali, Bwana Damian, alimwita ofisini. Ofisi ya Kodi ya Mapato ilikuwa imekagua hati za mishahara ya hospitali, ikaliona jina la Elinipendo mara mbili: mstari mmoja wa posho ya masomo, mwingine wa malipo ya zamu. Posho ilitoka kwa shirika, lakini kwa kuwa ilipitia kwa Damian, yeye aliiandika kwenye hati ileile ya wafanyakazi, na hakuikata kodi. Sasa ofisi ilitaka kujua kwa nini. Kama posho ile ni malipo ya kazi, ijumlishwe na fedha za zamu na ikatwe kodi tangu mwezi wa kwanza. Kama si malipo ya kazi, waletewe maelezo pamoja na masharti ya ufadhili.

Damian alikuwa mtu mwema, mwoga wa ofisi za serikali. Alikuwa ameshafikiria jibu. Waandike kwamba zamu zile ni mafunzo kwa vitendo, sehemu ya masomo yenyewe. Hivyo yote yatakuwa masomo, na hakuna atakayeuliza habari ya kazi ya malipo.

Elinipendo alimwomba siku mbili afikiri. Hakuzitumia kufikiri; alizitumia kutembea. Alizunguka uwanja wa hospitali mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Usiku alifungua daftari, akalifunga, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumamosi hiyo hakwenda zamu. Alipanda kwenda nyumbani, akamkuta Eliufoo amekuja mapumziko, yuko mgombani anakata majani makavu. Alimweleza yote, amesimama, huku akivuta vuta ganda la mgomba mpaka likabaki nyuzi mkononi mwake. Eliufoo alisikiliza bila kuacha kukata. Yeye aliona la Damian ni jema. Kodi ikikatwa kwenye jumla ya miezi yote, alisema, bati zitasubiri mwaka ujao. Na wakikosa ufadhili kabisa, watakuwa wamepoteza mshahara na masomo pamoja.

Kisha akaweka panga chini, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Rogath, wewe unaogopa nini hasa? Kodi, au Mchungaji?"

Alijibu kwamba hajui. Aliandaa mtori wa ndizi na nyama, akaupakua, akasahau kula. Jumatatu asubuhi alichukua masharti yake yaliyopigwa chapa, akateremka mjini kwa miguu, akaingia Ofisi ya Kodi ya Mapato kabla Damian hajapeleka chochote.

Ofisa aliyeshughulikia jalada lile aliitwa Theodory, kijana mwenye miwani na sweta la mkono mrefu, aliyeongea taratibu. Alimkaribisha kiti. Elinipendo alikaa ukingoni. Ndugu Theodory alisoma masharti yote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari, na kwa Elinipendo muda ule ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa mtoto wa kwanza. Alikunja na kukunjua leso. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

Ofisa alimweleza kwamba sheria inasamehe fedha za ufadhili anazopewa mtu anayesoma muda wote katika chuo kinachotambuliwa. Ila jina la posho halimtoshi. Yeye hutazama fedha imetolewa kwa ajili ya nini. Mtu anaweza kuita mshahara posho, na kodi ikabaki palepale. Kilichomtatiza hapa ni kwamba mlipaji ni hospitali, na mwanafunzi yuleyule anaonekana akifanya kazi hospitalini. Akauliza, "Zamu hizi ni sehemu ya masomo yako?"

Hapo jibu la Damian lilikuja mpaka ulimini. Elinipendo alianza tena kukunja leso. Ofisa, akidhani swali halikueleweka, akaliuliza kwa namna nyingine.

"Usipofanya zamu mwezi mzima, posho ya shirika inakatwa?"

"La," alisema Elinipendo. "Inakuja ileile. Hata nikilala."

"Na zamu zinalipwa na nani?"

"Hospitali. Kwa fedha yake. Ni kazi, ndugu. Nazalisha watoto, natia sahihi kwenye kitabu cha wazazi kama mkunga yeyote. Si mafunzo."

Theodory aliweka kalamu chini, akaonekana amepata alichotaka. Kama angeambiwa zamu ni sehemu ya ufadhili, alisema, angelazimika kuamini kwamba posho inatolewa ili hospitali ipate mkunga, na hapo ingekuwa ujira, yote ikatwe kodi. Lakini kama posho haitegemei zamu, na masharti yanasema ni ya kujikimu kwa mwanafunzi wa muda wote, basi imesamehewa. Malipo ya zamu ni mapato ya kazi na yatahesabiwa peke yake. Alivyoyaona, hayafikii kiwango cha kuanza kukatwa. Aliomba tu barua ya chuo kuthibitisha kwamba anasoma muda wote, na barua ya hospitali kueleza kwamba fedha za posho si mali ya hospitali, zinapita tu kwa mhasibu wake.

Elinipendo alishukuru, akainuka. Ndipo ofisa alipogeuza ukurasa na kuweka kidole kwenye sharti lile moja.

"Hili halinihusu mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini umeliona?"

"Nimeliona tangu siku ya kwanza."

Theodory alimrudishia masharti yake, akafunga jalada.

Njiani kurudi, mvua ikimnyeshea, Elinipendo alielewa alichokuwa akikiogopa. Jibu lililomwokoa na kodi lilikuwa pia ushahidi dhidi yake. Nakala ya maelezo yake ingekaa kwa Damian, nyingine ingepelekwa kwa Mchungaji Efraimu, kwa sababu masharti yalitolewa na ofisi yake. Ama asubiri kuitwa, ama aende. Kusubiri hakukuwa katika mwili wake. Alipita mlango wa hospitali bila kuingia, akaenda moja kwa moja ofisi ya kanisa, maji yakimdondoka kwenye gauni.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, binti yangu. Kaa ukauke kwanza."

Hakukaa. Alieleza akiwa amesimama: kodi, hati ya mishahara, zamu, sharti. Mchungaji Efraimu alikuwa mzee wa maneno machache, aliyewahi kufundisha shule kabla ya uchungaji. Alimuuliza kama alifanya kwa sababu ya shida ya fedha, maana shida ingemsaidia kumtetea.

"Fedha zilisaidia," alisema Elinipendo. "Lakini hata bila fedha ningekwenda. Siwezi kukaa darasani nikiwasikia akina mama wodini."

Mzee alivuta karatasi. Akasema jibu hilo halimsaidii kumtetea, ila ataliandika hivyohivyo kwa shirika. Zamu ziishe siku hiyo. Kama shirika litaamua kumwondoa, asije kumlilia yeye.

Jibu kutoka ng'ambo lilichukua karibu miezi miwili, na miezi hiyo ndiyo ilikuwa migumu kuliko yote. La kodi liliisha mapema. Chuo na hospitali viliandika barua zao, Damian akaiondoa posho kwenye hati ya mishahara akaifungulia jalada lake, akimshukuru Elinipendo kwa aibu kidogo, na Ofisi ya Kodi ikaandika kwamba haina dai. Lakini usingizi haukurudi. Alilala akaamka, akahesabu ni nani yuko zamu. Julai ilikuwa na baridi kali, kilele cha Kibo hakikuonekana kwa wiki nzima, na asubuhi moja kutoka dirisha la darasa alimwona Juliana, jirani yake wa Machame, akiingizwa wodini kwa kitanda cha magurudumu. Alisimama katikati ya somo. Mwalimu akamtazama. Akakaa tena, akashika ubao wa dawati kwa mikono miwili. Juliana alijifungua salama mikononi mwa mkunga mwingine, na Elinipendo, badala ya kufurahi tu, alitoka nyuma ya jengo akalia.

Shirika liliandika onyo, na chini yake kwamba ufadhili uendelee. Eliufoo alipopata habari alicheka kwa mara ya kwanza tangu masika, akasema bati zilizobaki watazinunua kwa mkopo wa kahawa kama watu wengine.

Alimaliza mwaka akiwa wa nne darasani. Kanisa likampeleka Sanya Juu, kwenye kituo cha afya kilichokuwa kikifundisha wakunga wasaidizi. Huko alidumu mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Wanafunzi wake walilalamika kwamba hana saa ya kupumzika, na kwamba swali lake hulianza mlangoni na kulimaliza akiwa ameshafika kitanda cha mwisho.