Kwa Nini Mbili kwa Moja

Kwa miaka kadhaa nilifundisha hisabati ya jioni Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge, na miaka yote hiyo nilikuwa najua majibu. Nasema majibu, sisemi sababu. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne: wauza duka, makondakta, akina mama waliowaachia wadogo zao watoto kwa saa mbili. Niliwapa kijitabu nilichokitunga mwenyewe, kila kanuni ndani ya kisanduku chake, na chini ya kisanduku swali la mtihani. Kariri kisanduku, jibu swali, nenda nyumbani. Wengi walifaulu, hilo halina ubishi, na mimi nikavimba kichwa.

Kati yao alikuwepo fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa akishona kwenye baraza la duka Mtaa wa Msimbazi. Alikuja na mkanda wa kupimia shingoni na nyuzi zimemng'ang'ania kwenye mikono ya gauni. Alitaka kwenda chuo cha ualimu, na kilichomzuia ni hisabati peke yake. Alishaifeli mara mbili. Siku ya kwanza aliniambia wazi: "Mwalimu, mara ya tatu sijisajili kwa kubahatisha. Nikiona kichwa changu kinaweza, najisajili. Nikiona hakiwezi, narudi kwenye cherehani yangu nitulie." Usajili ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi uliofuata. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, maneno ambayo mwalimu huwa hayalipii chochote.

Jioni moja tulifika kwenye kisanduku cha pembetatu. Nilichora pembetatu ABC ubaoni, nikaweka alama D katikati ya upande BC, nikavuta mstari kutoka kona A hadi D. Nikawaambia huo ndio unaitwa mediani: unatoka kwenye kona na kwenda katikati ya upande unaoitazama. Nikachora na nyingine mbili. Zote tatu zikapita kwenye nukta moja, nikaiandika G. "Shikeni hili," nikasema. "G inaigawa kila mediani mbili kwa moja. Kipande cha upande wa kona ni mara mbili ya kile kingine. Mediani ikiwa na sentimita kumi na nane, AG ni kumi na mbili, GD ni sita. Swali linalofuata."

Fundi akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini mbili kwa moja? Kwa nini isiwe nusu kwa nusu?"

Nilikuwa na jibu langu la siku zote. Nilimwambia ukikata pembetatu ya boksi ukaiweka juu ya ncha ya penseli pale kwenye G, inatulia bila kuanguka, kwa sababu pale ndipo uzito wake unapokutana. Darasa lilipenda jibu hilo kila mwaka.

Yeye hakulipenda. "Hiyo inanionyesha nukta ilipo," alisema taratibu. "Haijaniambia kwa nini ni mbili kwa moja. Na ukichora pembetatu iliyolala upande, yenye pande zisizolingana, bado ni mbili kwa moja?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Chuoni niliwahi kuonyeshwa, nikakariri, nikafanya mtihani, nikasahau. Ningeweza kusema sijui, nipe mpaka kesho. Badala yake damu ilinipanda usoni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu huja haraka zaidi pale ninapokuwa na kosa. Nikasema: "Dada, wewe umekuja kutafuta cheti au umekuja kubishana? Ndiyo maana unarudia kila mwaka. Halafu eti unataka kuwa mwalimu! Hao watoto wako watapata tabu."

Darasa likacheka. Kondakta mmoja alipiga meza kwa kucheka. Yeye aliinamisha kichwa, akaandika kwenye daftari lake kile kisanduku kama nilivyokitaka.

Siku mbili baadaye nilitoa jaribio. Aliniletea karatasi ya majibu akiwa ameambatisha kwa pini kipande cha karatasi la kaki, lile mafundi wanalokatia ramani za nguo, limekunjwakunjwa. Jibu la mwisho lilikuwa sawa, sita. Lakini palipoandikwa "toa sababu" kijitabu changu kilitaka mstari mmoja, na yeye alijaza ukurasa mzima na kunielekeza kwenye lile karatasi. Nilidhani ananikomoa. Bila kusoma nikapiga alama nyekundu ya X kwenye ukurasa mzima, nikaandika juu yake: *Haihusiki.*

Jumapili nilikuwa nyumbani Buguruni napanga karatasi za kurudisha, lile la kaki likadondoka. Nililifungua kwa sababu tu ya mikunjo yake. Alikuwa amekata pembetatu iliyolala upande, mbaya kabisa, isiyo na pande mbili zinazolingana. Katikati ya kila upande aliipata kama mafundi wanavyoipata katikati ya kitambaa: ncha juu ya ncha, unabana mkunjo kwa kucha. D katikati ya BC, E katikati ya CA. Kisha aliunganisha D na E.

Nikaanza kusoma maelezo yake. Pembetatu ndogo CED na kubwa CAB zinashirikiana kona C, aliandika, na pande mbili za ile ndogo ni nusu ya pande za ile kubwa. Kwa hiyo ndogo ni ile ile kubwa iliyopunguzwa nusu, na mstari ED lazima uwe nusu ya AB, tena uende sambamba nayo. Kisha alichora mediani AD na BE zikikatana kwenye G. Sasa tazama pembetatu mbili zinazogusana pale G, aliandika: GAB na GDE. AB na DE ni sambamba, kwa hiyo pembe zao zinalingana, na umbo lao ni moja. Lakini AB ni mara mbili ya DE. Basi kila upande wa GAB ni mara mbili ya mwenzake kwenye GDE. AG ni mara mbili ya GD. BG ni mara mbili ya GE.

Na hakuishia hapo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kwa sababu karatasi lilimwishia, aliandika: *Mediani ya tatu, kutoka C, nayo ikikutana na AD lazima iigawe mbili kwa moja kutoka A, kwa njia hii hii. Kwenye AD nukta ya namna hiyo ni moja tu. Kwa hiyo ndiyo maana zote tatu zinakutana.*

Nilisoma mara tatu nikitafuta kosa. Nakiri kwamba nilitamani kuliona. Halikuwepo. Nilikaa pale kitandani nikajisikia mdogo, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nikafurahi kwa kupata somo.

Jumatatu niliwarudishia karatasi za jaribio, yake ikiwa na lile neno jekundu vilevile. Jumatano mwenye kituo hicho cha masomo alipanda kuja kutazama ninavyofundisha. Alikuwa mama wa Kichaga mwenye lile duka la vitenge chini, na alikuwa anafikiria kunipa na darasa la asubuhi. Nilimtazama kwenye kiti chake cha nyuma, nikaufuta ubao, nikachora pembetatu iliyolala upande. Nikafundisha karatasi la kaki kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hata kukunja nilikunja, ncha juu ya ncha. Sikutaja mtu. Nilipofika kwenye mediani ya tatu, yule kondakta akasema, "Ticha, leo umeua!" na darasa likapiga makofi. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Fundi alikuwa amechelewa. Alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, na sijui alianza kusikiliza wapi.

Watu walipotawanyika alikuja mezani. Mama alikuwa bado yupo, anasubiri kuongea na mimi. Fundi akamwamkia kwanza, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hakuja kunidai. Alidhani somo lile nimelitoa kwenye kitabu.

"Mwalimu, kumbe hata vitabuni wanafanya hivyo! Sasa mbona yangu uliiandikia haihusiki? Ilikuwa sawa au haikuwa sawa?"

Mama alikuwa ananitazama. Neno moja lilitosha. Ningesema ilikuwa sawa, na nilichofundisha leo ni chako. Nikasema: "Ulikuwa karibu. Kuna hatua moja umeikosa."

"Ipi?"

"Kaitafute mwenyewe. Ndivyo mtu anavyojifunza."

Furaha ikamtoka usoni polepole. Akasema asante, tena kwa heshima kabisa, akashuka ngazi. Hakurudi tena darasani. Nilijiambia ana kazi nyingi, msimu wa sare za shule umefika. Nilipewa darasa la asubuhi, na somo la karatasi la kaki nikawa nalifundisha huko pia, na kila nilipopigiwa makofi nilisikia aibu hadi masikioni, lakini niliendelea kulifundisha.

Ilinichukua miezi miwili kuvuka mitaa mitatu. Nilimkuta barazani, anashona, usajili wa mtihani umeshafungwa zamani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani kati ya mikokoteni na wauza mitumba. Hakunipa nafasi. Aliponiona alisimama kama mwanafunzi, akanitafutia kigoda, akakifuta kwa mkono.

"Mwalimu, afadhali umekuja. Ile hatua imenishinda."

Alifungua droo ya cherehani. Ndani mlijaa makaratasi ya kaki, na kila moja lilikuwa na pembetatu: nyembamba, pana, zilizolala, zilizosimama. Kila moja ilikuwa na mikunjo yake, na D, E na G zimeandikwa kwa chaki ya fundi. Zingine alianzia kona B, zingine kona C. Kwenye moja alikuwa amethibitisha upya hata kwamba mistari ni sambamba, kwa kukata kile kipande kidogo na kukitelezesha juu ya kikubwa, akidhani labda ndipo alipokosea.

"Kila nikifanya inatoka vilevile," alisema. "Nikajua basi, mimi hata kosa langu silioni. Mtu asiyeona kosa lake atamfundisha nani? Nikaacha kujisajili. Lakini bado nataka kujua tu, nipumzike. Ni hatua ipi?"

Pedeli ilikuwa imesimama. Mteja mmoja alisubiri blauzi yake, akitusikiliza.

"Hakuna," nikasema. "Haikuwepo. Yako ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Nililolifundisha ubaoni lilikuwa lako, nililitoa kwenye karatasi lako, sikulisoma popote."

Alinitazama, akayatazama makaratasi kwenye droo. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Kwa hiyo ningejisajili," alisema.