Mapigo Kabla ya Kukimbia

Muhula ule tulirudi shuleni tukiwa tumechoka kabla hata ya kengele ya kwanza. Mimi mzaliwa wa upande wa ziwa nilikuwa nimelala sakafuni kwa jirani nikijificha wakati Eldoret inawaka kwa ghasia za uchaguzi, na sasa nilitakiwa kuwafundisha kidato cha pili jinsi moyo unavyosukuma damu. Jameni! Wanafunzi wengine walitoka kwao nyumbani, wengine walitoka kwenye mahema ya waliofukuzwa makwao. Mwalimu mkuu aliamuru tuwakalishe wakiwa wamechanganyika, kila dawati watoto wa jamii mbili. Ukiwa ofisini, amri ni rahisi kutoa.

Asubuhi ya zoezi la kupima mapigo, msichana mmoja alinisubiri mlangoni. Kwao kulikuwa mtaa wa Munyaka kabla nyumba haijachomwa. Sasa aliishi kambini na mamake.

"Madam, mimi sitakimbia. Niko na ugonjwa wa moyo."

Nani alimwambia? Akina mama wa kambini. Tangu shule ifunguliwe moyo ulikuwa ukimwenda mbio akiwa ameketi tu darasani. Majirani wao walishapanda lori kurudi kwa ndugu zao Nyandarua, lakini mamake alikuwa amekataa kuondoka mpaka mtoto atibiwe hapa mjini. Msichana mwenyewe hakutaka kuondoka kabisa.

"Huko nikienda, shule imeisha," aliniambia.

"Basi hutakimbia. Lakini utapimwa ukiwa umeketi."

Kila mmoja alimpima mwenzake wa dawati. Nilizunguka nikifoka kama ninavyofoka kila mwaka: "Si kidole gumba! Gumba lina mapigo yake, utahesabu moyo wako useme ni wa mwenzako! Vidole viwili, hapo kwenye kifundo cha mkono!" Msichana wa kambini alipimwa na binti wa mkulima wa Sugoi, wa jamii ya waliochoma Munyaka, mtoto mpole mwenye mikono mikubwa ya kukamua ng'ombe. Huyo ndiye aliyeniita.

"Madam, huyu ako juu kama mtu ametoka mbio."

"Umetumia gumba wewe."

Hakuwa ametumia. Nikaketi, nikamshika mwenyewe. Kweli, mshipa ulikuwa unapiga mbio. Nikamuuliza habari za mamake, za chakula, za baridi ya usiku, na tukiwa tunaongea mapigo yakatulia polepole mpaka yakawa ya mtu aliyepumzika. Nikamrudishia mwenzake mkono. Yakapanda tena.

Binti wa Sugoi alinitazama, kisha akaangalia vidole vyake.

"Madam," akasema kwa sauti ndogo, "ni mimi."

"Si wewe," mwenzake akamjibu haraka. "Najua hujafanya kitu. Moyo ndio haujui."

Nilikuwa nimepanga kueleza hayo baada ya kuwakimbiza uwanjani, lakini nikachukua chaki hapo hapo. Nikawaambia kwamba mtu akikimbia, misuli inataka oksijeni zaidi na inatoa kaboni dioksidi zaidi. Kwa hiyo moyo unapiga haraka na kwa nguvu, na mapafu yanavuta pumzi nyingi na za kina. Mishipa ya damu iliyo kwenye misuli inapanuka, ile ya tumbo inabana, damu iende kunakohitajika. Ukipumzika, vyote vinarudi taratibu. Lakini mwili haungoji miguu ianze. Ukiogopa, unamwaga adrenalini kwenye damu, na moyo unaanza kukimbia wewe ukiwa bado umeketi.

"Kwa hivyo si ugonjwa?" akauliza msichana wa kambini.

"Daktari akuangalie. Lakini nionavyo mimi, moyo wako unafanya kazi yake."

Akacheka! Sijui kama nilikuwa nimesikia mtoto akicheka vile tangu turudi. Daktari wa kambini alimpima akasema hana tatizo la moyo, na mimi nikajisikia mwalimu tena, hata nikapika chapati jioni hiyo, pamoja na uchovu wote.

Siku chache baadaye mamake alikuja ofisini akiwa na kitenge kichwani na mkoba begani. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Mwalimu, ameniambia vile ulimfundisha," alisema. "Ati anaogopa tu."

"Ndiyo, Mama. Moyo ni mzima."

"Ingekuwa ni ugonjwa, ningekaa hapa nimtafutie dawa hata mwaka mzima. Sasa hii ya kuogopa watoto anaokaa nao, mimi nitaitibu na nini? Lori linaondoka kesho. Nimekuja kuchukua vitabu vyake."

Nikamwambia hofu hutulia, mtoto azoee, watoto wenyewe wanapendana. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Na wewe, Mwalimu," akaniuliza, "moyo wako umetulia?"

Nikaenda kumletea vitabu.