Bei Aliyoahidi Mzee Ngano

Simu ya hospitali ilimkuta binti yake ghalani, akihesabu magunia: Mzee Ngano ametutoka. Alikaa juu ya gunia, akamwomba Mungu ampokee baba yake.

Akakumbuka ile miaka sarafu ya nchi ilipokuwa ikishuka thamani yenyewe sokoni, kidogo kidogo. Kila shehena ya ngano ilipoingia, baba aliongeza bei kidogo, na waoka mikate wakanung'unika wakazoea. Kisha serikali ikaifunga sarafu kwa dola: dola moja kwa mia moja, isipande wala isishuke. Kwa miaka minne haikutikisika. Baba akajiamini, akachukua kwa mkopo shehena ya kulipwa kwa dola baada ya miezi mitatu, akawaahidi waokaji bei moja hadi mwisho wa mwaka.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba serikali imeshusha thamani ya sarafu. Dola sasa ni mia na ishirini na tano, na deni la ngano likapanda kwa robo.

"Baba, pandisha bei!"

"Nimeshatoa neno, mwanangu."

"Neno halijazi tangi la lori!"

Meli ya mafuta iliyofuata ilipoingia, dizeli nayo ikapanda. Kila gunia lilitoka kwa hasara. Kupandisha bei aliona haya, kuacha kupeleka ngano hakuweza. Akauza lori la kwanza, akauza la pili, kisha presha ikamlaza.

Walimzika saa kumi alasiri. Waokaji ndio waliobeba jeneza na kulishusha kaburini. Binti akatupa udongo, akaitikia amina, wakarudi nyumbani kwa miguu, maana lori halikubaki hata moja.